Kabla Shahidi Hajashika Kalamu

"Habari. Ijumaa jioni mtunza stoo aliiba mifuko 20 ya saruji na wewe ulikuwa getini. Andika maelezo ya ulivyomwona akiiba, tuyapate leo kabla hujatoka. Usiogope, ni siri, hatajua. Ukishindwa tutachukua hatua."

Ujumbe wa namna hii hutumwa kila siku katika ofisi zetu, mara nyingi kwa WhatsApp, na anayeutuma kwa kawaida hana nia mbaya. Ni afisa utumishi mwenye kazi nyingi, meneja amemwambia anataka jambo liishe wiki hii, na yeye mwenyewe anaamini kabisa kwamba mtunza stoo ni mwizi. Huenda hata ni kweli. Tatizo ni kwamba kwa sentensi hizo chache ameshaharibu ushahidi ambao bado hajaupata.

Tuutumie mfano huo hadi mwisho. Ni mfano wa kubuni, lakini kila aliyefanya kazi kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi ataitambua hali yenyewe. Ijumaa jioni Fuso limepakia saruji na kutoka. Kibali cha kutoa mzigo kinasema mifuko 100. Jumamosi stoo inahesabiwa na mifuko 20 haionekani. Getini siku hiyo alikuwepo karani, mama wa makamo, ambaye kazi yake ni kuandika kwenye daftari namba ya gari, saa ya kutoka na namba ya kibali. Huyo ndiye shahidi tunayemtaka, na Jumatatu asubuhi afisa utumishi anapaswa kumwandikia.

Kwanza tuone maelezo yake yanakwenda wapi, kwa sababu lugha yote ya ujumbe inategemea hilo. Tanzania Bara, mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu kwa kumsomea tu uamuzi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zilizotangazwa na Serikali mwaka 2007 kwa Tangazo Na. 42, zinaeleza utaratibu katika kanuni ya 13. Mwajiri anafanya uchunguzi kwanza ili ajue kama kweli ipo sababu ya kuitisha kikao. Akiona ipo, anampa mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Mfanyakazi anaweza kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Ndani ya kikao ushahidi unawekwa mezani mbele yake, na ana haki ya kujibu, kuwauliza maswali mashahidi wa mwajiri, na kuleta mashahidi wake. Kenya nayo, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe kabla ya uamuzi.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe na uangalie neno "siri". Afisa ameahidi kitu ambacho hana uwezo wa kukitimiza. Maelezo ya karani yakitumika, mtunza stoo atayasoma, na huenda akamgeukia karani uso kwa uso na kumuuliza alisimama wapi, taa ilikuwa inawaka au la, na alihesabuje mifuko iliyofunikwa turubai. Kama karani alikubali kuandika kwa sababu tu aliambiwa hatajulikana, siku ya kikao atakaa kimya au atageuka. Nami sitamlaumu. Kati ya makosa yote ya ujumbe ule, hili ndilo linalowaumiza watu zaidi, kwani mashahidi hawa wanarudi kupanda daladala moja na mtuhumiwa na kuishi naye mtaa mmoja.

Kosa la pili limejificha kwenye maneno "ulivyomwona akiiba". Karani hajasema alimwona mtu akiiba. Alichoweza kuona ni gari, watu, karatasi na mzigo. Neno "kuiba" ni hukumu, na hukumu ni kazi ya kikao. Lakini likishatajwa na mkubwa wa ofisi, linaingia kichwani mwa shahidi na kuanza kufanya kazi humo.

Hili limepimwa. Mwaka 1974 nchini Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine 50 waliulizwa swali hilohilo, ila kwa neno lenye nguvu zaidi, kama mtu anayesema "yalipopondana". Kundi la tatu halikuulizwa mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno la kawaida, 7 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno zito walikuwa 16. Watu hawa hawakuwa waongo wala hawakuwa na ugomvi na dereva yeyote. Neno moja katika swali liliwatosha kukumbuka kisichokuwepo.

Ndiyo maana ujumbe wa kumwomba shahidi maelezo unatakiwa kuwa na mambo mawili yanayovutana. Useme vya kutosha ili ajue anaulizwa kuhusu tukio lipi, na usiseme zaidi ya hapo. Njia nzuri ni kumpa siku, mahali na vipande vya saa, kisha kunyamaza. "Mizigo iliyotoka getini Ijumaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni" inatosha. Namba ya mifuko isitajwe, kwa sababu kama karani aliona Fuso limelala kwa uzito au alihesabu tabaka za mzigo, tunataka hesabu hiyo itoke kwake. Jina la mtunza stoo nalo lisitajwe. Najua watu watasema kwamba kazini hakuna siri, kwamba kufikia Jumatatu hata wapakiaji wa kibarua wanajua nani anatuhumiwa. Ni kweli. Bado kuna tofauti kati ya uvumi wa kwenye chai na ujumbe rasmi wenye jina la mtu ndani yake. Uvumi hauwezi kuwekwa kwenye faili. Ujumbe wa afisa unaweza, na ukisomwa baadaye na mtu mwingine utaonyesha kwamba ofisi ilikuwa imeshaamua kabla ya kuuliza.

Basi afisa wetu, kijana wa umri wa kuwa mtoto wa karani huyu, anaandika hivi:

"Shikamoo mama. Poleni na majukumu. Ni mimi wa ofisi ya utumishi. Menejimenti imenipa kazi ya kukusanya maelezo kuhusu mizigo iliyotoka kwenye geti letu Ijumaa iliyopita, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ratiba inaonyesha ulikuwa zamu, kwa hiyo naomba msaada wako.

Naomba uniandikie, kwa maneno yako mwenyewe, yote unayoyakumbuka kuhusu muda huo: ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifanya, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jambo ukiliona dogo, liandike tu. Usilolikumbuka au usilo na uhakika nalo, sema hivyo, usikisie. Kama kuna jambo uliambiwa na mtu mwingine, taja aliyekuambia.

Maelezo haya yatatusaidia kujua kama kuna sababu ya kuitisha kikao cha nidhamu. Kikiitishwa, yatasomwa na mwenyekiti wa kikao na yeyote atakayetuhumiwa, na huenda ukaombwa kufika kuyaeleza na kujibu maswali. Nje ya hapo hayatasambazwa.

Naomba niyapate kabla ya Jumatano saa nne asubuhi, kwa sababu Alhamisi natakiwa kukabidhi ripoti. Unaweza kuandika ukiwa kazini. Nimeshaongea na msimamizi wako akupe nafasi. Kama muda hautoshi, au ungependa kusema kwa mdomo nikuandikie, naomba unijulishe kabla ya kesho jioni. Ukiwa na swali nipigie. Asante sana mama."

Ni ujumbe mrefu kwa WhatsApp, sikatai. Wengine wangeugeuza barua ya ukurasa mmoja na kuukabidhi kwa mkono, na pengine ni bora zaidi, maana barua haipelekwi kwenye kundi la ofisi kwa kubonyeza mara mbili. Lakini tazama kila kipande kinafanya nini. Salamu na kuomba ni adabu yetu ya kawaida, na mtu mzima asipoamkiwa anaanza kusoma akiwa ameshakasirika. Adabu yenyewe hasa iko chini zaidi: kumwambia ukweli kuhusu nani atayasoma maelezo yake, kumtafutia muda wa kazini badala ya kumla muda wa nyumbani, na kumpa mlango wa kutokea kama kuandika kunamsumbua.

Kuna sentensi moja ambayo afisa hakuiandika, ingawa ilimjia kichwani: "Usiwe na wasiwasi mama, wewe huhusiki." Alifanya vizuri kuiacha. Karani wa geti ndiye aliyeliruhusu gari litoke. Kama Fuso lilikuwa na mifuko 120 na kibali kinasema 100, upo uwezekano kwamba na yeye atatakiwa kujieleza. Leo anaombwa maelezo kama shahidi, na hilo ndilo pekee analoweza kuambiwa kwa uaminifu. Iwapo maelezo yake au daftari lake litaonyesha kwamba naye ana la kujibu, basi anaandikiwa upya, kwa barua ya tuhuma inayosema hivyo waziwazi, na saa zake 48 zinaanza kuhesabiwa. Kumwandikia mtu kama shahidi huku moyoni umeshamfanya mshtakiwa ni kumtega, na mwenyekiti mwenye uzoefu atauona mtego huo.

Tuje kwenye tarehe ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo ujumbe mwingi unapoteleza. Watu huandika "haraka iwezekanavyo" au "leo hii". La kwanza halina maana, maana kila mtu ana haraka yake. La pili linamfanya shahidi aandike mistari mitatu amesimama, karatasi ikiwa juu ya boneti la gari. Tarehe nzuri hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kikao kinatarajiwa kuwa Jumanne ya wiki inayofuata. Mtuhumiwa anatakiwa apewe barua na nakala za maelezo mapema. Saa 48 ndicho kiwango cha chini, na kumpa mtu barua Jumapili asubuhi ili kutimiza hesabu ni ujanja usiopendeza. Kwa hiyo barua itoke Ijumaa. Ili itoke Ijumaa, ripoti ikamilike Alhamisi. Ili ripoti ikamilike Alhamisi, afisa awe na maelezo Jumatano asubuhi, abaki na siku ya kurudi kwa shahidi kama kuna sehemu haieleweki. Karani anapata siku mbili. Akiona sababu ya tarehe imeandikwa, anajua si ukali wa bure, na mara nyingi anawahi.

Siku mbili si nyingi, lakini pia zisizidi sana. Kumbukumbu hupungua, na kibaya zaidi huchanganyika na za wengine. Mwaka 2009 Fiona Gabbert, Lorraine Hope na Ronald Fisher walichapisha utafiti kuhusu fomu ya maelekezo ambayo shahidi anaijaza mwenyewe mapema baada ya tukio, ikimtaka aseme kila kitu na asikisie. Waliojaza fomu hiyo mapema walikumbuka mengi na kwa usahihi zaidi walipohojiwa wiki moja baadaye, kuliko ambao hawakuijaza. Sentensi za "jambo dogo liandike" na "usikisie" katika ujumbe wetu ni za mwelekeo huohuo. Afisa anaweza pia kumwomba karani asilinganishe maelezo yake na ya wenzake kabla ya kuandika, ila amwombe tu. Akimkataza kuzungumza na mtu yeyote, hata na mwakilishi wa chama chake, atakuwa amevuka mpaka.

Jumatano saa tatu na nusu karani analeta karatasi mbili. Kipande kimoja kinasomeka hivi: "Fuso lilitoka saa 5:42 jioni. Mtunza stoo alikuja nalo mpaka getini, jambo ambalo si kawaida yake. Turubai lilikuwa limefungwa. Nilipewa kibali nikaandika namba kwenye daftari. Dereva wa bodaboda wa pale nje aliniambia baadaye kwamba mzigo ulikuwa mwingi kuliko wa asubuhi."

Ni maelezo mazuri. Hayamhukumu mtu, yanatenganisha alichoona na alichoambiwa, na yanakiri kwamba turubai lilimzuia kuona mzigo. Lakini ile saa inahitaji swali. Simu yake inaonyesha saa kwa tarakimu za kizungu, na 5:42 ya simu ni saa kumi na moja na dakika 42 jioni kwa hesabu yetu. Je, alinakili kutoka kwenye simu, au anahesabu Kiswahili na amekosea jioni badala ya asubuhi? Daftari la geti na kamera vitasaidia, ila yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa swali lililo wazi: "Mama, saa hii uliipata wapi?" Kumuuliza "ulimaanisha saa kumi na moja, sivyo?" ni kumwekea jibu mdomoni. Akishafafanua, anaandika mstari wa nyongeza, anatia sahihi na tarehe. Maelezo ya kwanza hayachanwi wala hayafutwi kwa wino mweupe. Neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, lisomeke bado, na mwandishi akaweka herufi za jina lake pembeni.

Yule dereva wa bodaboda naye anafaa kuombwa maelezo, na hapa mambo hubadilika. Yeye si mwajiriwa. Hakuna msimamizi wa kumpa ruhusa wala mkataba unaomtaka ashirikiane na uchunguzi. Anaweza kukataa, na akikataa hadithi inaishia hapo. Kumtishia polisi ni kosa na ni upumbavu pia. Kwa mtu kama huyu ujumbe wa maandishi pekee haufai. Afisa amfuate kijiweni, amsalimie, amweleze kwa mdomo yaleyale aliyomwandikia karani, likiwemo suala la nani atasoma, kisha amwachie karatasi fupi yenye tarehe na namba ya simu. Akipenda kusema badala ya kuandika, afisa aandike maneno yake kama yanavyotoka, bila kuyapamba kwa Kiswahili cha ofisini, amsomee yote, amruhusu kurekebisha, ndipo atie sahihi au dole gumba. Mwandikaji naye aandike jina lake na kwamba ndiye aliyesoma kwa sauti. Fedha zisiguswe. Hata elfu mbili ya "vocha" itakuja kuitwa hongo ya ushahidi.

Na kama dereva au karani atauliza, "Nisipoandika itakuwaje?", jibu liwe fupi na la kweli. Kwa dereva: hakuna litakalompata, ila kikao kitaamua bila kusikia alichokiona. Kwa karani inategemea mkataba na kanuni za ofisi yake. Kama zinamtaka atoe ushirikiano, aambiwe hivyo kwa upole na aonyeshwe kifungu chenyewe, badala ya kutupiwa "tutachukua hatua".

Kikao kikimwona mtunza stoo ana hatia na akaachishwa kazi, ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Karani ataitwa kueleza tena, safari hii chini ya kiapo, na wakili wa upande wa pili atataka kujua maelezo yale yalipatikanaje, nani alimwomba, na alimwambia nini kwanza. Kwa hiyo ujumbe wa Jumatatu uchapishwe ukiwa na tarehe na saa yake, uwekwe kwenye faili nyuma ya maelezo ya karani, na usifutwe kwenye simu.